Jibu yangu ya shaba inatoka 0,33, kitabu inasema 0,385: nimekosea wapi?

*Yaya, jambo. Niko nasoma siansi huku Bukavu, mwaka ya tatu. Prof alitufanyia labo: alichemsha kipande ya shaba gramu 200 mu maji ku mbabula, akaitosha, akaiingiza mu kalorimetri ya aliminiamu ya gramu 100 yenye ilikuwa na maji gramu 250. Maji ilikuwa 20°C, ikapanda mpaka 24,8°C. Sasa anatuuliza shaleri masiki ya shaba, ile joto yenye gramu moja inaomba juu ipande digri moja. Termometri mu maji yenye ilikuwa inachemka ilionyesha 95 lakini mimi niliandika 100 juu kila mtu anajua maji inachemka ku 100, nikaona termometri imezeeka. Natoka na 0,33. Rafiki yangu yeye ametoka na 4,17 na anaapa ya kwake njo sawa juu alibadilisha yote mu kelvini. Kitabu inasema 0,385. Tena numero 6: barafu gramu 100 ya 0°C mu maji gramu 200 ya 30°C, mi napata −6,6°C, nimehesabu na kurudilia, bado ile ile. Devuari tunatoa kesho kutwa. Unisaidie yaya. — Mwanafunzi wa Kadutu*

Mdogo yangu, jambo sana. Hiyo termometri uiache, iko muzima. Wewe njo ulimukosea heshima.

Maji inachemka pale presha ya mvuke yake inafikia presha ya hewa yenye inaikandamiza kutoka juu, basi, haina siri ingine. Ile 100 ya kitabu ni ya mtu mwenye anachemsha maji karibu na bahari, tuseme Muanda kule ku Atlantiki. Sisi huku, ziwa Kivu peke yake iko karibu mita 1460 juu ya bahari, na kutoka ku ziwa kufika Kadutu unajua mwenyewe vile tunapanda. Hewa yenye imebaki juu yetu ni pungufu, presha iko chini, na maji inachemka karibu ku 95. Goma ni vile vile. Lubumbashi wako chini kidogo, mita karibu 1200, wao wanapata kama 96. Njo maana maharagi inachelewa huku kwetu, na mama akiongeza makala maji ikiwa imeshachemka, haipande hata digri moja, inageuka tu mvuke haraka zaidi na makala inaisha bure. Kwa hiyo prof alisoma 95, na 95 njo temperatura yenye shaba ilikuwa nayo wakati ilitoka mu sufuria. Kitu umepima mu labo haurekebishe na kitabu, unaandika vile umeona, na kama una mashaka unauliza prof pale pale mbele sufuria haijapoa.

Sasa tufanye hesabu, na nitakuomba usianze na formula. Wanafunzi wengi wanaandika Q = m·c·ΔT mbiombio, kisha wanaanza kutafuta namba za kuingiza, na njo pale mtu mmoja anasahaulika nje ya mulango. Kwanza andika ku karatasi nani ametoa joto na nani amepokea. Aliyetoa ni mmoja: shaba, imeshuka kutoka 95 mpaka 24,8. Waliopokea ni wawili: maji, na ile kopo ya aliminiamu yenyewe, juu maji haikai mu hewa, inakaa mu kopo, na kopo ilikuwa 20 sawa na maji na ikamaliza 24,8 sawa na maji. Wewe uliandika maji tu. Aliminiamu inakula joto yake kimya kimya na mu hesabu yako ikabakia haina jina.

Twende na namba, tunafanya yote mu gramu, maji 4,18 juli kwa gramu moja kwa digri moja, aliminiamu 0,90, na c njo ile ya shaba yenye tunatafuta.

```
maji:       250 × 4,18 × 4,8 = 5016 J
aliminiamu: 100 × 0,90 × 4,8 =  432 J
jumla yenye imepokelewa      = 5448 J

shaba:      200 × c × (95 − 24,8) = 14040 × c

c = 5448 / 14040 = 0,388 J/(g·°C)
```

Kitabu 0,385, wewe 0,388. Iko karibu mpaka inanitia mashaka kidogo, mi nafikiri prof wenu alipanga zile namba vizuri usiku mbele ya kuwapa devuari, lakini hiyo si kazi yetu.

Angalia sasa 0,33 yako inatoka wapi, juu jibu mbaya ukiijua kuisoma inakuonyesha njia yenye ulipita. Ulichukua 5016 peke yake, bila ile 432 ya kopo, ukagawa na 200 × 75,2, maana kutoka 100 mpaka 24,8 ni 75,2. Inatoa 0,334. Ni makosa mbili na zote mbili zinavuta upande moja, chini: ya kwanza inapunguza joto yenye imepokelewa, ya pili inaongeza digri zenye shaba imeshuka. Kama ungesahau kopo tu ungepata 0,357. Kama ungeandika tu 100 pahali pa 95 ungepata 0,362. Kila moja inakula karibu saba ao nane ku mia, na kwa sababu hazipingane hakuna yenye inaficha ingine, hiyo ni bahati yako kwa kweli. Hatari iko pale makosa mbili zinavuta pande mbalimbali, jibu inatoka nzuri na mtu anaenda kulala akifikiri ameelewa.

Prof wengine, sanasana wazee, wanapenda kubadilisha kopo kuwa maji. Wanasema: hii aliminiamu inakula 100 × 0,90 = 90 juli kwa kila digri, na maji gramu ngapi inakula 90 juli kwa digri? 90 gawa 4,18, gramu 21,5. Basi wanajifanya kama kalorimetri haiko, wanaandika maji gramu 271,5 na wanaendelea. Ni kitu ile ile, jibu haibadilike. Ukiona mu devuari wamekupa kalorimetri yenye "inalingana na maji gramu 20" bila kukuambia imetengenezwa na nini wala uzito yake, njo hiyo, unajumlisha tu 20 ku maji yako na haurudilie tena kuhesabu aliminiamu.

Tuje ku rafiki yako na kelvini zake. Umwambie pole pole, juu najua watu wa vile wanakasirika. Kubadilisha mu kelvini si kosa: 20°C ni 293 K, 24,8°C ni 297,8 K, unatosha moja ku ingine, unapata 4,8. Tofauti inabakia ile ile, juu digri moja ya selsiusi na kelvini moja zina urefu moja, ni mwanzo tu njo haulingane. Yeye alifanya tofauti kwanza, 4,8, kisha akaongeza 273 juu ya tofauti. Akafanya vile na kwa shaba pia, 75,2 ikakuwa 348,2. Nimejaribu hesabu yake na yako ya 100 na bila kopo:

```
c = (250 × 4,18 × 277,8) / (200 × 348,2) = 4,17
```

Njo ile 4,17 yake, sawa sawa. Kwa hiyo ana makosa zako mbili zote na ya kwake moja juu. Kelvini mutaihitaji kwa lazima pale mutafika ku gazi, kule presha na volumu vinafuata temperatura yenyewe, si tofauti. Hapa ku kalorimetri ni tofauti tu njo inafanya kazi, ukae na selsiusi zako bila wasiwasi.

Lakini kitu nataka rafiki yako aone ni kwamba hata bila kujua kosa iko wapi, angeweza kukataa jibu yake mwenyewe. 4,17 ni karibu kabisa ile ya maji. Shaba yenye inafanana na maji! Kama ingekuwa hivyo, gramu 200 ya 95 ikikutana na gramu 250 ya 20, ingekuwa ni kama unachanganya maji moto na maji baridi ya kuoga, zingekutana karibu katikati, ukihesabu ni karibu 53°C. Lakini mbele ya macho yenu maji ilifika paka 24,8. Macho yenu wenyewe iliona shaba iko zaifu ku mambo ya kubeba joto.

Na hiyo unaweza kuiona hata mbele ya kushika kalkulatrisi. Gramu 200 ya shaba na ile 0,385 ya kitabu inatoa juli 77 kwa kila digri moja yenye inashuka. Upande wa baridi, maji inakula 1045 kwa digri na kopo 90, jumla 1135. 1135 gawa 77 ni karibu 14,7. Maana yake shaba inapaswa kushuka digri karibu 15 njo maji ipande digri moja. Shaba imeshuka 70, basi maji itapanda kidogo chini ya 5. Mu labo imepanda 4,8. Ukishajua hiyo, hakuna mtu atakuja kukudanganya na 53, wala na 0,031 ya yule mwenye aliandika kilo pahali pa gramu mu mustari ya maji. Juu ya kilo: mu kitabu utaona pengine 385 na maji 4180, hiyo ni kwa kilo moja, ni kitu moja na 0,385 na 4,18 kwa gramu. Chagua upande moja na ukae pale mpaka mwisho wa hesabu.

Sasa kuna jambo moja prof hakuuliza lakini mi ningeiandika chini ya jibu. Hesabu yote hii imesimama juu ya 4,8. Termometri za masomo nyingi ziko na mustari moja kwa kila digri, na katikati ya mistari mtu anakadiria kwa macho. Tuseme jicho yako ilikosea nusu digri, na hiyo si mingi, ni kuinama kidogo tu mbele ya termometri pahali pa kuweka jicho sawa na maji yake. Kama ilikuwa kweli 24,3 unapata c ya 0,345. Kama ilikuwa 25,3 unapata 0,43. Umeona vile inaruka? Nusu digri ku 95 haifanye kitu, 70 ao 70,5 ni moja tu, lakini nusu digri ku 4,8 ni sehemu moja ya kumi, na jibu yote inasonga na sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ile 8 ya mwisho mu 0,388 haina maana na termometri ya namna hiyo, andika 0,39 na uko sawa.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji vyombo vya bei. Mupunguze maji. Mukitia gramu 100 pahali pa 250, upande wa baridi utakula 508 juli kwa digri pahali pa 1135, na maji itapanda mpaka karibu 30, maana digri kumi hivi. Nusu digri ile ile ya jicho sasa inakuwa sehemu moja ya makumi mbili. Gramu 200 ya shaba inachukua nafasi ya mililita 22 tu, basi mu kopo yenye haiko pana sana gramu 100 ya maji inaifunika bila shida. Mi nashangaa kila mwaka watu wanajaza kalorimetri mpaka juu kama vile ni ndoo ya bomba, kisha wanalalamika termometri haisonge.

Kitu ya pili ni maji yenye shaba inabeba wakati inatoka mu sufuria. Prof akivuta kipande na kamba na kukitupa mbio mbio mu kalorimetri, kinaingia na matone zake za 95. Ikiwa ni gramu mbili tu za maji zimeshikilia, hizo zinaleta 2 × 4,18 × 70,2, karibu 587 juli, na wewe utafikiri shaba njo imezitoa. Ku jumla ya 5448 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, matone tu! Jibu yako itapanda juu ya ile ya kweli. Basi mtu anasema acha niipanguse vizuri kwanza, anachukua kitambaa, anapangusa polepole, na wakati ule wote shaba inapoa mu hewa na mu kitambaa, haiko tena 95 wakati inaingia, na jibu inashuka. Unabaki unachagua kati ya mabaya mbili. Njia ingine ni kuweka vipande vidogo vidogo vya shaba mu chupa nyembamba ya labo yenye iko kavu ndani, uisimamishe chupa mu maji yenye inachemka muda mrefu wa kutosha, kisha unamimina shaba kavu mu kalorimetri kwa mara moja. Inachelewa, juu hewa ndani ya chupa haipitishe joto mbio, unaingoja mpaka termometri yenye iko ndani ya chupa ikae pahali moja, na ni ile namba ya ndani njo unaandika, si ya sufuria.

Kwa hiyo mukifanya labo tena na mutoke na c yenye iko juu ya kitabu, mimi kwanza ningeangalia matone. Ikiwa chini, ningeangalia kama kopo imehesabiwa, kisha kama shaba ilichelewa njiani. Si sheria ya kuandika ku ukuta, lakini mara nyingi inakuelekeza.

Haya, barafu.

Hapa hesabu yako haina kosa hata moja na jibu ni ya kuchekesha, na nafurahi umeona mwenyewe kama inakushinda. Umeandika: maji inashuka kutoka 30, barafu inayeyuka yote, na maji yake inapanda mpaka temperatura ya mwisho. Ekwasio ilikubali ikakupa −6,6. Lakini soma vile jibu inasema: gramu 300 ya maji, yote imeyeyuka, iko ku digri 6,6 chini ya sifuri, na haikugandama. Tena maji ya 30 imewekwa barafu ya sifuri na imemaliza baridi kupita barafu yenyewe. Nani aliipoza mpaka pale? Hakuna mtu mu hiyo kalorimetri mwenye alikuwa chini ya sifuri.

Kosa iko mu neno moja lenye haukuandika lakini ulikubali kimya: "yote". Uliamua barafu inayeyuka yote mbele ya kuuliza kama kuna joto ya kutosha. Kuyeyusha gramu moja ya barafu ya 0°C inaomba juli 334, na wakati wote inayeyuka temperatura inabaki sifuri, haisonge. Gramu 100 inaomba 33 400. Maji yako gramu 200 ikishuka kutoka 30 mpaka sifuri, na hapo imetoa yote yenye inaweza kutoa, inatoa:

```
200 × 4,18 × 30 = 25 080 J
```

25 080 haifike 33 400. Joto inaisha na barafu ingali. Basi kila kitu kinasimama ku 0°C, maji na barafu pamoja, na swali yenye imebaki ni barafu ngapi imeyeyuka: 25 080 gawa 334, gramu 75. Gramu 25 zinabakia zinaelea. Jibu yako ya numero 6 ni hiyo: temperatura 0°C, barafu yenye imebakia karibu gramu 25, maji sasa karibu gramu 275.

Kwa hiyo kila mara ukiona barafu mu swali, fanya hizi hesabu mbili kando kwanza, joto yenye inaombwa na joto yenye iko, na ukilinganisha njo utajua ni ekwasio gani ya kuandika. Joto ikizidi ile ya kuyeyusha, unarudi ku ekwasio yako ya kwanza, iko sawa kabisa, temperatura ya mwisho itatoka juu ya sifuri. Ikiwa haitoshe, hakuna ekwasio ya temperatura, ni sifuri, unahesabu gramu. Mfano ungekuwa na barafu gramu 50 tu mu maji ile ile: inaomba 16 700, iko 25 080, inabakia 8380 ya kupasha gramu 250, na unamaliza karibu 8°C. Ile −6,6 yako, kusema kweli, ni ekwasio ilikuwa inakupigia kelele kama ulikopa 8320 juli pahali hakuna.

Na mbele ya kunakili hiyo gramu 25 ku kopi, rudia kusoma statement ya numero 6. Wewe umeniandikia barafu na maji tu. Kama prof amesema kalorimetri haihesabiwe, basi unaacha vile nimefanya. Lakini kama ni ile kopo moja ya aliminiamu ya gramu 100 na ilikuwa pia 30°C pamoja na maji, safari hii iko upande wa wenye kutoa: 100 × 0,90 × 30, juli 2700 za kuongeza, jumla 27 780, barafu yenye imeyeyuka inakuwa gramu 83 na inabakia 17.